Sofa-kitanda au kitanda cha kukalia? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chumba cha wageni katika nyumba ya Lamu

Maswali haya ni yale ambayo wenye nyumba za Mji wa Kale wa Lamu huyarudia kila wanapotaka chumba kimoja kitumike mchana kama sebule na usiku kama malazi ya mgeni. Nyumba inayozungumzwa ni ile ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye misana, yaani vyumba virefu na vyembamba. Wanaoishi katika nyumba mpya za Malindi wataona baadhi ya majibu hayawahusu, nao wametengewa swali la 13.

## Kuanza

1. Sofa-kitanda na kitanda cha kukalia vinatofautianaje?

Sofa-kitanda ni kochi ambalo ndani yake mna chombo cha chuma kinacholigeuza kuwa kitanda. Yako ya aina mbili zinazopatikana zaidi. Katika aina ya kwanza godoro limekunjwa chini ya makalio, nawe hulivuta mbele likafunguka. Katika ya pili mgongo wa kochi hulazwa chini hadi ukawa sawasawa na kikalio.

Kitanda cha kukalia hakigeuki. Ni kitanda kamili cha mtu mmoja kilichowekwa ubavu ukutani, kikapangwa matakia nyuma ili watu wakikalie mchana. Usiku matakia huondolewa na shuka hutandikwa. Chini yake panaweza kuwekwa kitanda cha pili kifupi cha kwenda juu, kinachovutwa mgeni wa pili anapofika.

Kitu hiki si kigeni kwetu. Wazee walitandika vitanda kwenye ncha za msana, wakateremsha pazia usiku, na mchana vitanda hivyo hivyo vikakaliwa.

2. Kwa nyumba ya Lamu, ni kipi bora?

Kwa nyumba nyingi za Mji wa Kale ninapendekeza kitanda cha kukalia cha mbao, kikiwa na kitanda cha pili chini yake. Ninazo sababu tatu: chumba chenyewe ni chembamba, hewa ya bahari hula chuma, na njia ya kuingizia samani ndani ya nyumba ni finyu. Sababu hizo zimeelezwa moja moja katika maswali ya 3, 6 na 9. Sofa-kitanda linafaa pale ambapo sababu hizo hazipo, au pale ambapo mgeni hulala usiku mmoja mmoja tu kwa mwaka.

## Kupima chumba

3. Kwa nini upana wa msana unaamua kila kitu?

Dari ya nyumba ya kale hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioweka mpaka wa upana wa chumba. Ndiyo maana msana unaweza kuwa mrefu apendavyo mwenye nyumba, lakini upana wake kwa kawaida ni mita 2 na nusu au zaidi kidogo. Sofa-kitanda la kuvuta mbele, likishafunguliwa, huchukua takriban sentimita 220 hadi 230 kutoka nyuma ya mgongo wake hadi mwisho wa godoro. Likiwekwa kwenye ukuta mrefu wa msana wenye upana wa sentimita 258, hubaki njia ya sentimita 30 hivi, ambayo mtu mzima hupita kwa ubavu tu.

Jambo la pili ni kwamba msana ni njia. Mtu anayetoka kiwandani, yaani kwenye ua wa nyumba, kwenda ndani hupita katikati yake. Kitanda kikiziba mlango, basi aliyeamka alfajiri kwa ajili ya sala hana budi kumruka mgeni, na mgeni naye halali kwa amani. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kupima kochi ni hili: usiku, kitanda kikiwa wazi, watu wa nyumba watapita wapi?

4. Nipime nini hasa kabla ya kuagiza?

Pima upana wa msana mahali patatu, kwa maana kuta za matumbawe hazikunyooka, na uchukue kipimo kidogo kuliko vyote. Pima umbali kutoka ukuta wa mwisho wa msana hadi ukingo wa mlango ulio karibu nao. Kisha chora kitanda sakafuni kwa chaki kikiwa wazi, si kikiwa kimefungwa, na uache mchoro huo kwa siku moja watu wa nyumba wakiendelea na shughuli zao. Wakikanyaga mistari kila wanapopita, mahali hapo hapafai.

Mfano ni nyumba ya jamaa zangu, ambayo niliipima mwenyewe. Msana wao una upana wa sentimita 258 na urefu wa sentimita 510, na mlango wa sentimita 120 uko katikati ya ukuta mrefu. Kwa hiyo kila ncha ya msana ina sentimita 195 kabla ya kufika mlangoni. Walikuwa wamependa sofa-kitanda la kuvuta mbele, ambalo likiwa wazi lingefika sentimita 230 pamoja na nafasi ndogo nyuma yake. Lingeingia mlangoni kwa sentimita 35.

Tukabadili mpango. Kitanda cha kukalia cha godoro la futi 3 kwa 6 kilikuwa na upana wa sentimita 97 pamoja na fremu. Ukiongeza sentimita 5 za kukitenga na ukuta, kinafika 102. Kitanda cha chini cha godoro la futi 2 na nusu kwa 6 kilikuwa na upana wa sentimita 80, na kikivutwa chote vitanda viwili hufika 182. Zikabaki sentimita 13 kabla ya mlango. Kiasi hicho ni kidogo, lakini njia iko wazi, na usiku wa mgeni mmoja kitanda cha chini hakivutwi kabisa.

Godoro la juu la futi 3 na nusu lingekuwa zuri zaidi kwa mtu mwenye mwili mkubwa, lakini lingeongeza sentimita 15 na kuingia mlangoni. Wenye nyumba walichagua njia, nami nadhani walichagua vyema.

5. Chandarua na feni vinahusianaje na kochi?

Vinahusiana sana, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine. Kulabu ya chandarua huwekwa kwenye boriti juu ya kochi likiwa limefungwa. Usiku kochi hufunguliwa, kitanda husogea mbele karibu mita nzima, na chandarua huwa kinaning'inia juu ya mgongo wa kochi huku miguu ya mgeni ikiliwa na mbu. Funga kulabu juu ya katikati ya godoro lililo wazi. Kwa kitanda cha kukalia chenye kitanda cha chini, weka kulabu mbili, moja kwa kila kitanda, kwa sababu chandarua kimoja hakifuniki viwili vilivyotofautiana kwa kimo.

Feni ya darini nayo itazamwe mapema, kwa kuwa chandarua kikipigwa na mapanga yake huchanika. Katika msana mwembamba, feni ya ukutani inayoelekezwa ubavuni mwa kitanda huondoa matatizo hayo.

## Chuma, mbao na godoro

6. Je, ni kweli kwamba chuma cha sofa-kitanda hakidumu Lamu?

Ni kweli, na mimi nimeliona nyumbani kwangu. Tulinunua sofa-kitanda jipya lenye chombo cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi. Msimu wa kaskazi wa kwanza lilikwenda vizuri. Katika mvua kubwa zilizofuata lilianza kulia kwenye maungio, na kabla mwaka wa pili haujaisha mguu wa mbele ulikwama nusu ya njia, mgeni akiwa amesimama na mto wake mkononi. Nilipoligeuza nikakuta unga mwekundu wa kutu umejaa chini ya kitambaa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupafuta vumbi. Bawaba zilikuwa zimelika pale zinaposuguana, kwa kuwa rangi hutoka hapo kwanza, na chumvi iliyo hewani hufanya kazi yake bila kizuizi.

Rangi peke yake haitoshi. Chuma kilichopakwa zinki hudumu zaidi, na kisichoshika kutu hudumu zaidi ya hapo, ila si rahisi kukipata kwenye sofa-kitanda za kawaida. Kwa kitanda cha mbao, mwambie fundi atumie skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Skrubu ya chuma cha kawaida ikishika kutu hula na mbao iliyoizunguka, na tundu likilegea kitanda huyumba.

Tofauti kubwa ni pale chombo kinapoharibika. Kitanda cha mbao kinaweza kutengenezwa na seremala yeyote wa mtaani kwa siku moja. Bawaba ya sofa-kitanda lililoletwa kutoka nje haina kifaa cha kubadilisha, na kochi zima hugeuka mzigo.

7. Nichague mbao gani?

Mvule na mbambakofi ni mbao nzito zinazostahimili wadudu na unyevu, na ndizo zinazofaa kwa miguu na fremu. Mwarobaini ni chaguo jema la bei nafuu, kwani uchungu wake huwafukuza wadudu. Mbao za mwembe ni laini kuchongwa lakini dumuzi huzipenda. Ukishauriwa kuzitumia, hakikisha zimetiwa dawa na zimekauka kabisa.

Ukiwa karakanani, angalia chini ya kitanda na nyuma ya ubao wa kichwani. Matundu madogo kama ya sindano, pamoja na unga mweupe uliodondoka chini yake, ni alama ya dumuzi aliye hai. Mashimo yasiyo na unga yanaweza kuwa ya zamani: yafute kwa kitambaa, kisha rudi baada ya siku chache. Ukikuta unga mpya, usikinunue.

8. Godoro liwe la unene gani, nami niwekeje chini yake?

Kwa mtu mzima anayelala zaidi ya usiku mmoja, godoro la sponji nzito la inchi 6 linatosha. Magodoro ya sofa-kitanda za kukunja huwa na inchi 4 hivi, kwa sababu lazima yakunjike, na chini yake hupita chuma kinachosikika kiunoni. Ukilijaribu dukani usiketi tu. Lala kwa ubavu dakika kumi, na ukikisikia chuma kwenye nyonga, mgeni wako atakisikia usiku kucha.

Chini ya godoro weka mbao nyembamba zenye mapengo ya sentimita 5 hadi 7, wala si ubao mzima. Mapengo makubwa kuliko hayo huacha sponji ikatumbukia, na ubao usio na pengo huzuia jasho lisitoke, ukungu ukaota upande wa chini. Kamba za usumba au za ukindu hupitisha hewa kuliko vyote, na wengi bado wanazipenda. Hata hivyo hulegea, na mtu asipozikaza kila baada ya miezi michache, kitanda hugeuka machela, jambo ambalo si zuri kwa mgongo wa mzee wala kwa anayekikalia mchana.

## Kukiingiza na kukikalia

9. Nitajuaje kama kitapita mlangoni na kwenye ngazi?

Samani nyingi hufika Mokowe kwa gari, huvushwa kwa mashua, kisha huchukuliwa na mkokoteni, punda au watu hadi mlangoni. Safari hiyo haina shida kubwa. Shida ni dakani, yaani kwenye kipito cha mlangoni, panapokata kona kabla ya kiwanda, na kwenye ngazi za kwenda juu ambazo ni nyembamba na za mwinuko mkali. Pima mahali pafinyu kuliko pote, pamoja na kimo cha dari juu ya kona ya ngazi, kwa sababu kochi huinamishwa linapozungushwa.

Sofa-kitanda huja kama kitu kimoja kizito. Nimeona moja likikwama kwenye kona ya ngazi hadi plasta ya chokaa ikabanduka pande zote mbili, na mwisho likapandishwa kwa kamba kupitia kiwandani na watu sita. Kitanda cha mbao kiagizwe kama kitanda cha kufungua: ubao wa kichwani, wa miguuni na mbavu mbili zinazounganishwa kwa bolti. Kila kipande hubebwa na mtu mmoja au wawili.

10. Kitanda ni kipana mno kukalia, miguu haifiki chini. Nifanyeje?

Kikalio kizuri kina kina cha sentimita 50 hadi 60, na kitanda cha futi 3 kina 91. Tofauti hiyo hujazwa na matakia yenye unene wa sentimita 30 hadi 35 yaliyopangwa ukutani. Yawe magumu, yaliyoshindiliwa sufi au vipande vya sponji, kwani matakia laini huporomoka na mtu akajikuta amelala nusu. Yatafutie mapema mahali pa kulala usiku. Kapu kubwa la ukili chini ya dirisha linatosha, na huzuia yasitupwe sakafuni.

Kimo nacho kina hesabu yake. Mbao za kubeba godoro ziwe sentimita 30 kutoka sakafuni, na godoro la inchi 6 litaongeza 15. Jumla ni 45, na mtu akiketi hushuka hadi 42 hivi, kimo ambacho mzee huweza kuinuka bila kushikwa mkono. Ukiondoa ubavu wa fremu wenye sentimita 8, chini hubaki nafasi ya 22. Kitanda cha chini chenye godoro la inchi 4 na fremu yake kilifika sentimita 18 katika nyumba niliyoieleza katika swali la 4, kikaingia pamoja na shuka zake. Angalia pia urefu: nafasi kati ya miguu ya kitanda cha juu iwe angalau sentimita 190, ama sivyo kitanda cha chini hakitaingia. Pengo litakalobaki kichwani mwa godoro la juu lijaze kwa takia refu la mviringo.

11. Kitanda cha chini kiwe na magurudumu?

Kwenye sakafu ya simenti au vigae, ndiyo. Kwenye sakafu ya chokaa, hapana, kwa kuwa vigurudumu vidogo huchimba mistari ambayo ni kazi kuirekebisha. Kiwekewe miguu mifupi iliyobandikwa kipande cha zulia nene, na kivutwe juu ya mkeka. Kisifungwe kwenye kitanda cha juu. Kikiwa huru kinaweza kupelekwa ncha ya pili ya msana, pazia likateremshwa, na wageni wawili wasiojuana sana kila mmoja akapata faragha yake.

## Hali za pekee

12. Wageni ni mume na mke. Vitanda viwili vya kimo tofauti havifai, sivyo?

Havifai kwa usiku mwingi, ingawa vinavumilika kwa usiku mmoja. Ukiwa na desturi ya kupokea wanandoa, kwa mfano jamaa wanaokuja kila Maulidi ya mfungo sita, mwambie seremala akitengeneze kitanda cha chini chenye miguu ya kukunjua, ili kikivutwa kiinuliwe hadi kimo cha cha juu. Bawaba za miguu hiyo ziwe za shaba. Magodoro yawe ya unene uleule wa inchi 4, na hapo utakuwa umekubali kupunguza starehe ya kitanda cha juu. Godoro moja la futi 4 halitoshi watu wazima wawili, hata kama muuzaji anasema linatosha.

13. Mimi ninaishi Malindi katika fleti mpya. Ushauri ni uleule?

Si wote. Chumba chako pengine kina mita 3 na nusu au zaidi kila upande, gari la mizigo linafika mlangoni, na sakafu ni ya vigae. Hapo sofa-kitanda la kulaza mgongo linaingia bila taabu, na lina vifaa vichache vya chuma kuliko la kuvuta mbele. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 nyuma yake, kwani mgongo unapolala huhitaji kurudi nyuma. Ila kama madirisha yako yanaelekea baharini, yaliyosemwa katika swali la 6 yanakuhusu sawa na mtu wa Lamu. Epuka kitambaa cha ngozi bandia, maana hung'ang'ania mwili wakati wa joto na baada ya miaka michache hubanduka magamba. Chagua pamba nene yenye zipu, inayovuliwa ikafuliwa.

14. Mgeni ameondoka na ninashuku kunguni. Nianzie wapi?

Usikifunge kitanda wala usikirudishe cha chini mahali pake. Vua vifuniko vyote na uvifue kwa maji ya moto, kisha angalia mishono ya godoro na maungio ya mbao kwa tochi. Unatafuta vidoa vyeusi kama vya wino na maganda membamba ya rangi ya kahawia. Kitanda cha mbao kifunguliwe bolti, kila ungio limwagiwe maji yanayochemka, kisha vipande vyote vikaushwe kabisa kabla ya kufungwa tena.

Sofa-kitanda ni kazi nzito zaidi, kwa kuwa kunguni hujificha ndani ya kitambaa cha chini kilichopigiliwa kwa pini. Kitambaa hicho kibanduliwe chote ndipo uone kilichomo, na kisipigiliwe tena mpaka umekagua mara ya pili baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai yaliyosalimika mara ya kwanza huwa yameanguliwa kufikia wakati huo.